Nani Kasema Swali Lako Limejibiwa?

Muhula uliopita nilijiandikia uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Haukumdhuru mtu, na hakuna aliyeuona. Lakini umenifanya niulize jambo ambalo nadhani linatuhusu sote tunaoketi kwenye kumbi za mihadhara: ni lini mtu ana haki ya kusema, "Swali langu limejibiwa"?

Nina desturi ndogo. Mhadhiri akituma slaidi usiku wa kuamkia mhadhara, nazisoma kwa dakika ishirini hivi baada ya Isha. Sizisomi ili nizielewe zote. Natafuta maswali matatu, nayaandika, na chini ya kila swali naandika jibu ninalolikisia. Baada ya mhadhara narudi kwenye ukurasa uleule na kuweka alama: hili limejibiwa, hili bado.

Siku hiyo somo lilikuwa selimundu na malaria, na slaidi moja ilikuwa na jedwali lililotoka hapa hapa kwetu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alichapisha matokeo ya kupima damu za watoto 290 wa Kiganda kutoka maeneo ya jirani na Kampala. Watoto 43 walikuwa na kinasaba kimoja cha selimundu, yaani wabebaji wasiougua ugonjwa wenyewe. Kati yao, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, ambao ni kama asilimia 28. Waliobaki 247 hawakuwa na kinasaba hicho, na kati yao 113 walikuwa na vimelea, kama asilimia 46. Kichwa cha slaidi kilisema kwamba kinasaba kimoja cha selimundu hukinga dhidi ya malaria.

Swali la kwanza nililoandika lilikuwa "Selimundu ni nini?" Nikalifuta. Jibu lake lilikuwa kwenye slaidi ya pili, na swali ambalo slaidi imekwisha kulijibu halimsubiri mhadhiri. Nikaandika mengine.

La kwanza: kama kinasaba hiki ni kinga, mbona watoto 12 walikuwa na vimelea? Nikakisia kwamba vipimo vilikosea. La pili: ugonjwa wa selimundu huua watoto, kwa nini basi kinasaba chake hakijaisha duniani? Nikakisia kwamba ni kwa sababu watu huoana bila kupima. La tatu: watoto 43 ni wachache, je, tofauti ile ya 28 na 46 haiwezi kuwa bahati tu? Hapo sikukisia, nikaacha wazi.

Mhadhara ulilijibu swali la kwanza vizuri. Kinga hii si ukuta wa kuzuia vimelea visiingie. Mbebaji huambukizwa kama wengine, lakini chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea hupinda kwa urahisi na wengu huziondoa mapema, kwa hiyo vimelea havizidi sana. Faida kubwa ni kwamba malaria kali humpata mara chache zaidi. Vipimo havikukosea. Mimi ndiye niliyelielewa vibaya neno "kinga".

La pili lilinifundisha zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeandika kisio langu. Wazazi wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, na mbili kati ya nne za kuleta mbebaji. Kuoana bila kupima kunaeleza kwa nini watoto wagonjwa huzaliwa, lakini hakuelezi kwa nini kinasaba chenyewe kinadumu. Kinadumu kwa sababu penye malaria nyingi mbebaji huishi hadi kuzaa kuliko mwenzake asiye nacho, na faida hiyo hufidia vifo vya wagonjwa. Kisio langu lilikuwa jibu la swali jingine. Nisingeliandika, ningetoka ukumbini nikijiambia kwamba nilijua tangu mwanzo.

Kukisia na kukosea si kupoteza muda. Mwaka 2009 Lindsey Richland, Nate Kornell na mwenzao walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliulizwa maswali kabla ya kusoma andiko kuhusu uoni wa rangi. Wengi walikosea, lakini baadaye waliyakumbuka majibu ya maswali hayo vizuri kuliko ambao hawakuulizwa kwanza.

Uongo wangu ulikuwa kwenye swali la tatu. Mhadhiri alipofika kwenye jedwali alisema tofauti ile ni ya maana kitakwimu, akaendelea. Nikaweka alama ya "limejibiwa". Usiku mwenzangu wa chumbani, anayesoma takwimu, akaniuliza, "Kwa hiyo ni bahati au si bahati?" Nikamjibu, "Ni ya maana kitakwimu." Akasema, "Hilo ni jina la jibu. Jibu lenyewe liko wapi?"

Tukakaa na kikokotoo. Kwa jumla watoto 125 kati ya 290 walikuwa na vimelea, asilimia 43. Kama kinasaba hakikuwa na athari yoyote, kati ya wale 43 tungetarajia wapatao 18 au 19 wenye vimelea, wala si 12. Tulipofanya jaribio la kai-mraba tukapata kama 4.8. Maana yake ni kwamba, kama hakuna kinga, tofauti kubwa namna hii au zaidi ingetokea kwa bahati karibu mara 3 katika 100. Kwa hiyo bahati si maelezo mazuri, lakini jedwali lile peke yake lisingetosha kumaliza ubishi. Tafiti za baadaye ndizo zilizothibitisha.

Sasa nina alama tatu badala ya mbili. "Limejibiwa" naiweka tu nikiweza kulieleza jibu kwa sentensi mbili, slaidi zikiwa zimefungwa. "Nimelisikia" ni pale nilipobaki na neno la mhadhiri bila maana yake. "Bado" ni pale lisipoguswa. Haya mawili ya mwisho nayapeleka maktaba au ofisini kwa mhadhiri kabla ya kipindi kinachofuata. Na nikiona wiki nzima yote "yamejibiwa", nashuku nilichagua maswali mepesi.

Kuna pingamizi moja nalichukulia kwa uzito. Rafiki aliniambia kwamba kuingia na maswali yako ni kukosa adabu, kwani unakuja kumkagua mwalimu badala ya kumsikiliza. Akanikumbusha kisa cha Nabii Musa na Khidhr katika Suratul Kahf, ambamo sharti lilikuwa kutouliza mpaka aelezwe. Ana sehemu ya ukweli. Anayesubiri majibu yake matatu anaweza kuwa kiziwi kwa mengine yote, ndiyo maana nusu ya ukurasa wangu naiacha tupu kwa yale ambayo sikuyauliza. Lakini katika kisa hicho Musa hakuambiwa asiwe na swali. Alitakiwa alishike mpaka wakati wake, na mwishoni matendo yote matatu yalielezwa.

Kwa hiyo naona adabu iko pande mbili. Mbele ya mwalimu ni kulishika swali bila kumkatiza. Mbele ya daftari, ambapo hakuna anayekuona, ni kutolifunga kabla halijajibiwa. Ile alama ya swali la tatu nimeikata, na juu yake nimeandika tarehe ya usiku ule tuliokaa na kikokotoo.