Neno la Kufa Lisilo na Upande

Mjengo wetu uko nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, na ukipanda ngazi jioni utasikia lugha nne kabla hujafika juu. Mabohora wanazungumza Kigujarati chao, Mabadala Kikachi, sisi Kiswahili. Halafu kuna wageni: mhasibu kutoka kaskazini ya India na mkewe, na vijana wawili wa Pakistani wanaouza magari ya Japani. Hawa hawajashika Kiswahili bado. Wanachoelewana wao, na ambacho wazee wetu wamekipata kwenye sinema, ni Kihindustani. Kwa mdomo hakuna shida. Shida inaanza mtu akitaka kuandika.

Mzee fundi cherehani wa chini alipofariki, ikabidi tangazo litoke kwenye kundi la wasapu la wapangaji kabla ya adhuhuri. Mimi ndiye mwenye kujua hati ya Kilatini ya lugha hiyo, kwa hivyo simu ikaja kwangu ikiwa na rasimu mbili. Ya mhasibu ilisema mzee amepata *swargvas*, na ikaomba watu kwa *kripya*. Ya kijana wa magari ilianza na *nihayat afsos ke saath ittila di jaati hai*, kisha mzee *wafat pa gaye*. Zote mbili za heshima, zote mbili sahihi. Ati nichague moja.

Ukiangalia sarufi, rasimu hizo ni lugha moja: vitenzi ni vilevile, viwakilishi ni vilevile. Zinaachana pale mtu anapotaka kuonekana amesoma. Anayesoma Kihindi huenda kwa Kisanskriti kutafuta neno la heshima, anayesoma Kiurdu huenda kwa Kifarsi, na Kiarabu kikaja humohumo. Chini ya tabaka hilo kuna maneno ya kila siku ambayo hayamshtui yeyote: *ghar*, *pani*, *log*, *padosi*. Na kuna maneno yenye asili ya Kifarsi na Kiarabu ambayo Mhindu wa Delhi anayasema tangu utotoni bila kuuliza yalikotoka: *kitab*, *dukan*, *khabar*, *duniya*.

Hapo ndipo mtu wa Mombasa anapotegwa. Sisi tukisikia *khabar*, *waqt*, *sabab*, *hisab*, tunatabasamu, maana ni habari, wakati, sababu na hesabu. Hata *sarkar* ni serikali yetu. Kwa hivyo rasimu ya Kiurdu inatuonekea ndiyo ya kawaida, na ya Kihindi ndiyo inayojitia ugeni. Lakini huo ni ukaribu wetu sisi, hauhusiani na mhasibu. Yeye *khabar* anaijua kama tunavyoijua. *Ittila* kwake ni neno la mtu wa ng'ambo. Asili ya neno haikwambii kitu hapa. Kinachokwambia ni nani analitumia sokoni bila kufikiri. Si sisi Wakenya wa kila dini tunasema Ijumaa?

Basi neno la kufa. *Swargvas* ni kukaa peponi, lakini ni pepo ya Kihindu, na marehemu alikuwa Mwislamu. *Wafat* na *intiqal* yanaeleweka na wengi, ila mke wa mhasibu angeyasoma kama tangazo la nyumba ya watu wengine. Nikaandika *guzar gaye*, amepita. Mzizi wake ni wa Kifarsi, lakini mama wa Kihindu anamwambia mwanawe hivyohivyo babu akifa. Kuna pia *nahin rahe*, hayupo tena, ambalo halijaazima popote. Nililiacha kwa sababu kwa mtu aliyefariki asubuhi hiyo lilisikika kama hotuba.

Ombi ndilo lililonifurahisha zaidi. *Kripya* ina upande, *baraye meherbani* ina upande, na suluhisho ni kutotumia lolote. Kihindustani kinabeba adabu ndani ya kitenzi chenyewe: *dijiye* tayari ni "tafadhali toa". Ukiliongeza neno la "tafadhali" umeongeza bendera tu.

Siku za wiki nazo ni mtego. Jumanne, Jumatano na Jumapili mnaweza kukubaliana: *mangal*, *budh*, *itwar*. Lakini Ijumaa mmoja ataandika *shukravar* na mwingine *juma*. Usiseme *kal* pia, kwa sababu ni jana na ni kesho. Weka tarehe kwa nambari. Na saa weka ya kwao: saa kumi yetu ni *4 baje*, la sivyo watu watakuja usiku. Likatoka hivi:

```
Sab padosiyon ko khabar: hamare darzi chacha
aaj subah guzar gaye. Janaza aaj, 14 tarikh,
shaam 4 baje ghar se uthega. Jo chanda dena
chahen, doosri manzil par dijiye.
```

Utaona *janaza* limebaki. Mhasibu aliuliza kwa upole kama hilo si la upande mmoja. Ni la upande mmoja, ndiyo, na ni upande wa marehemu. Kufa ni kwa wote, kwa hivyo neno lake nililitafuta la wote. Lakini kinachobebwa saa kumi ni jeneza la Mwislamu linalokwenda kusaliwa, na kuliita *antim yatra*, safari ya mwisho, ili jirani astarehe, ni kumnyang'anya mzee kitu chake. Angefariki baba wa mhasibu ningeandika *antim yatra* na vijana wa magari wangeisoma.

Mchango nao ulitaka uangalifu. *Dan* ni sadaka ya Kihindu, *zakat* ina masharti na watu wake. *Chanda* ni pesa watu wanazochanga kwa jambo, basi. Waislamu wanachanga hivyo, Wahindu wanachanga hivyo.

Kuna rafiki yangu aliyesema hii ni siasa ya woga: unakwepa maneno mazuri kuliko yote ya lugha mbili ili usimuudhi mtu. Ana hoja. Lugha ya tangazo langu inaweza kuzika, kuchanga na kufunga mfereji, lakini haiwezi kuandika katiba. Gandhi aliitaka Kihindustani iwe lugha ya taifa, na mwaka 1942 akaanzisha chama cha kuieneza, kwa hati zote mbili. Mwaka 1949, India ikiwa imeshagawanyika, Bunge la Katiba lilichagua Kihindi kwa Devanagari, na kifungu cha 351 kikakiagiza kichote msamiati kwanza kwa Kisanskriti. Pakistani ilikuwa na Kiurdu chake. Tangu hapo kila neno jipya la ofisi linazaliwa na uraia.

Lakini rafiki yangu anachanganya vitu viwili. Anayeandika shairi anajiandikia, na achague kisima anachotaka. Anayeandika tangazo anaandika kwa niaba ya mjengo mzima, na pale neno lisilo lazima linalomfanya jirani ajione mgeni ni deni analolipa mwingine. Hata kiunganishi kinafanya hivyo, bana: kwa hati ya Kilatini wa Kihindi huandika *ki*, wa Kiurdu *ke*, na jicho linajua papo hapo nani ameshika simu. Ndiyo maana tangazo langu lina nukta pacha pale ambapo kiunganishi kingekaa.

Saa kumi mhasibu alikuwa ngazini amevaa kofia ya kuazima. Mkewe alipeleka *chanda* ghorofa ya pili, akaniuliza kwa Kihindustani kama matanga ni siku tatu au arubaini. Kwa hilo nikamwelekeza kwa mjane.