Wanangu, Andikeni Mlichokikuta

Wanangu mnaosoma vyuoni, hasa ninyi mnaorudi Handeni na Korogwe kukusanya habari za tasnifu zenu, nina neno nanyi kuhusu sura ya matokeo. Mkiwa barazani mnasimulia vizuri mliyoyaona vijijini. Mkikaa kuandika mnageuka watu wengine, na yule mama wa Sindeni au Kwamatuku aliyewapa saa yake nzima hawezi kujitambua katika maandishi yenu. Jambo hili linaniuma, na leo nataka tulishike kwa mfano mmoja mpaka mwisho.

Aya ifuatayo nimeiunda mwenyewe kwa mtindo wa zile ninazoziona mara kwa mara, na tarakimu nitakazotumia baadaye ni za mfano tu:

"Utafiti huu ulijikita katika kuchunguza kwa kina suala zima la upatikanaji wa rasilimali maji katika muktadha wa kaya za vijijini wilayani Handeni. Ilibainika bayana kuwa kuna uwepo wa changamoto mtambuka za kimiundombinu zinazoathiri kwa namna moja ama nyingine ushiriki wa mtoto wa kike katika mchakato mzima wa ujifunzaji, hususan katika kipindi cha ukame. Kwa mantiki hiyo, upo umuhimu wa kuwepo kwa mikakati madhubuti na endelevu ya kuwajengea uwezo wadau mbalimbali ili kuleta mabadiliko chanya yenye tija."

Someni tena, kisha mniambie: nani alifanya nini, wapi, lini? Hakuna. Aya hii ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Handeni. Badilisheni "maji" muweke "umeme", badilisheni "Handeni" muweke wilaya yoyote, nayo itasimama vilevile. Hapo ndipo mtaijua aya tupu: haifungamani na mahali wala na mtu.

Kazi ya kuinyoosha haianzi na kalamu. Mwandishi afunge karatasi, amgeukie mwenzake, ajibu swali moja kwa mdomo: ulikuta nini kule? Mwandishi wa aya yetu angejibu hivi: "Kiangazi bomba lao lilikauka. Wale mabinti wanaamka gizani kwenda lamboni na madumu, wakifika shule kengele imeshagongwa." Sentensi mbili tatu, na habari yote imo. Iandikeni hiyo kwanza kama ilivyotoka mdomoni, kisha ndipo mrudi kwenye ile aya kuona ina lipi la kuongeza.

Mkirudi, pigeni mstari juu ya kila fungu la maneno ambalo likiondoka habari haipungui. "Suala zima la" linaondoka. "Kwa kina" linaondoka, maana kina cha utafiti msomaji atakiona mwenyewe. "Bayana", "kwa namna moja ama nyingine", "mchakato mzima wa", yote yanaondoka. "Kuna uwepo wa" ni kusema kwamba kuna kuna. Lakini msidhani kazi imekwisha hapo. Wengi huishia kwenye kufuta, wakabaki na aya fupi iliyo tupu kama ile ndefu.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye vitenzi, na hapa nawaomba mtulie nami. Kitenzi cha Kiswahili kina uwezo mkubwa ndani ya neno moja. Chukueni "huwatuma". Ndani yake mna mazoea (jambo hili hufanyika kila mara), mna wanaotumwa, na mna tendo lenyewe. "Walichelewa" inataja watendaji na wakati uliopita. Sasa kigeuzeni kitenzi kuwa jina: upatikanaji, ushiriki, ujifunzaji, uchelewaji. Papo hapo mtenda ameanguka, wakati umeanguka, mtendwa ameanguka. Ndiyo maana mwandishi analazimika kuyafunga majina hayo kwa kamba ndefu ya "wa" na "ya" na "katika", na bado hatuambii nani anapata maji na nani hapati. Kila mnapokuta jina linaloishia kwa "-aji", au jina lililoanza kwa "u-" huku ndani yake mmelala kitenzi, liamsheni. Ulizeni: nani anapata? Nani anajifunza? Nani anashiriki, na hapo kushiriki ni kufanya nini hasa? Katika aya yetu, "ushiriki wa mtoto wa kike katika ujifunzaji" maana yake ni kwamba wasichana walichelewa kufika shuleni.

Fanyeni vivyo hivyo kwa "ilibainika". Ilibainika kwa nani, kwa njia gani? Ukijibu kwa haki, itabidi ufungue daftari lako. Tuseme mwandishi wetu aliwahoji akina mama 30 katika kijiji kimoja, na 21 wakamwambia huwatuma mabinti zao lamboni kabla ya jua kuchomoza. Tuseme pia mwalimu mkuu alimruhusu kuangalia daftari la mahudhurio la darasa la sita, akakuta kwamba mwezi wa Agosti na wa Septemba wasichana 11 kati ya 26 walichelewa angalau mara mbili kwa wiki, na wavulana 4 kati ya 24. Novemba, mvua za vuli zilipoanza na watu wakakinga maji nyumbani, wasichana waliochelewa walishuka hadi 3, na wavulana wakabaki 4. Mali yote hiyo alikuwa nayo, akaizika chini ya "ilibainika bayana".

Tazameni sasa aya hiyohiyo ikiandikwa wazi:

"Agosti na Septemba bomba la kijiji halikutoa maji. Kati ya akina mama 30 niliowahoji, 21 walisema huwatuma mabinti zao lamboni kabla ya jua kuchomoza. Daftari la mahudhurio la darasa la sita linaonyesha kwamba katika miezi hiyo wasichana 11 kati ya 26 walichelewa angalau mara mbili kwa wiki. Wavulana walikuwa 4 kati ya 24. Novemba, mvua zilipoanza, wasichana waliochelewa walikuwa 3, na wavulana bado 4. Sikumhoji kila msichana, kwa hiyo sisemi kwamba maji ndiyo sababu pekee ya kuchelewa. Hata hivyo, maelezo ya akina mama na daftari la shule yanaelekea upande mmoja."

Hakuna neno la kujionyesha, na bado hakuna mwalimu atakayesema kazi hii si ya kisomi. Ina ushahidi, ina ulinganisho, ina mpaka wake. Nawasihi msipite haraka kwenye sentensi mbili za mwisho. Vijana wengi wakiambiwa waandike kwa kujiamini hukimbilia upande wa pili: "Uhaba wa maji unawafelisha wasichana wa Handeni." Sentensi hiyo ni fupi na nyepesi, lakini ni ya uongo, maana daftari halikusema habari za kufeli, na darasa moja si wilaya nzima. Shaka ya kweli iandikwe, ila iandikwe mara moja, mahali pale inapohusika, na sababu yake itajwe. Ile "kwa namna moja ama nyingine" haikuwa shaka ya kweli, ilikuwa kificho.

Na hiki ndicho ninachowaonya hasa. Maneno makubwa hayaletwi na elimu nyingi. Mara nyingi huletwa na woga. Sentensi iliyo wazi inaweza kupingwa. Ukisema 11 kati ya 26, mtu anaweza kwenda kuhesabu. Ukisema "changamoto mtambuka", hakuna awezaye kukukamata. Msomi ni yule anayekubali kukamatika.

Msinielewe kwamba nayachukia maneno ya fani. "Kaya" si sawa na "familia": kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, hata kama mmoja wao ni mpangaji wa kutoka Mombo. Ukilibadilisha ili uonekane mwepesi, takwimu zako zitapotoka. "Sampuli" ina kazi yake, "usaili" una kazi yake. Neno la fani likiwa linatenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku inayachanganya, libaki, na lielezwe mara ya kwanza linapotokea. Na sura ya nadharia itahitaji mengi zaidi kuliko sura ya matokeo. Msimamizi akikuambia lugha yako ni rahisi mno, mwulize kwa adabu ni habari gani imepungua. Akikuonyesha, ongeza.

Sentensi ya mwisho ya ile aya ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mapendekezo yana watu wa kuyatekeleza. "Wadau mbalimbali" ni akina nani? Hapa kwetu swali hili si dogo. Bomba kuu la HTM, lililojengwa miaka ya 1970, linachukua maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha kwa pampu hadi Handeni. Pampu iko wilaya moja, ndoo kavu iko wilaya nyingine. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA tangu 2019, na huko kijijini kuna jumuiya ya watumia maji yenye mwenyekiti na mweka hazina. Kama kasoro iko kwenye pampu, andika pampu na umtaje mwenye dhamana nayo. Kama iko kwenye kituo cha kijiji ambacho koki yake imeharibika na jumuiya haina fedha ya kununua nyingine, andika hivyo. Ukisema wadau wajengewe uwezo, kila mmoja ataisoma ripoti yako akidhani anaambiwa mwenzake.

Wala msidhani Kiswahili cha wazi hakiwezi kubeba mambo mazito. Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia mtawala Semboja pale Mazinde, ndani ya wilaya hii ya Korogwe, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho wamisionari wa Magila walianza kukichapa kwa sehemu katika miaka ya 1890. Humo mna ugomvi wa urithi, vita, mapatano na hila za watawala, siasa ngumu kuliko mada nyingi za tasnifu. Anayaeleza kwa watu na matendo yao: nani alimwendea nani, alisema nini, akajibiwa nini. Wanahistoria waliosomea ng'ambo wamekitegemea kitabu hicho kuielewa Usambara. Kitafuteni, mkisome kurasa kumi kabla ya kuandika sura ya nne.

Kisha, kabla ya kukabidhi, rudini kijijini na hiyo aya moja tu ya matokeo. Msomeeni mmoja wa akina mama waliowajibu, polepole, bila kumtafsiria chochote. Akisema "sivyo, mwanangu, Septemba tulikuwa tunapata kwa zamu", toeni kalamu mrekebishe palepale. Na tasnifu ikikamilika, acheni nakala moja kwa mtendaji wa kijiji.