Ndoto ya Sokoni: Je, Asiyetazamwa na Watu Amesahauliwa na Mungu?



Kijana mmoja Mwislamu, mwenyeji wa upande wa Kondoa, ambaye sasa amepanga chumba Maisaka katika mji wa Babati, ameniandikia barua. Anasema kuwa mara nyingi huota yumo mnadani katikati ya umati mkubwa. Wairaqw, Wagorowa, Warangi na Wabarbaig wamejaa. Ng'ombe wanauzwa, mahindi yanapimwa, mitumba imetandazwa chini. Yeye hutoa salamu, wala haitikiwi. Huuliza bei, muuzaji humtazama mteja aliye nyuma yake. Mwisho humwona mama yake mzazi akipita karibu, humwita, naye hapinduki. Hapo huamka na kifua kizito. Jirani aliyesimuliwa ndoto hiyo amemwambia kuwa amefungwa nyota, na mganga amekwisha kumtajia mbuzi mweusi. Kijana anauliza: Je, hii ni ishara kwamba Mwenyezi Mungu amenitupa?

Kwa kuwa jambo hili huwapata wengi waliohamia mijini, nimeona jibu langu liwafae wasomaji wote.

Kwanza yatupasa kujua ndoto ni za namna gani. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kuwa ndoto ni tatu: iliyo njema, nayo ni bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha, itokayo kwa shetani, na ile ambayo nafsi ya mtu huzungumza na mwenyewe juu ya mambo yaliyoishughulisha mchana. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, naye alilieleza kwa urefu jambo la ndoto katika kitabu chake Hakikatul Wahyi kilichotolewa mwaka 1907, akaonya kuwa mtu asijipime cheo chake mbele ya Mungu kwa ndoto tu. Ikiwa ndoto njema haitoshi kumfanya mtu kuwa walii, basi ndoto mbaya nayo haitoshi kumfanya aliyetupwa.

Tutaipambanuaje ndoto ya kijana wetu? Tumwulize jinsi ashindavyo. Ameandika kuwa yeye ni mchukuzi wa mizigo sokoni. Tangu asubuhi watu huita bega lake, hakuna aitaye jina lake. Akiisha kutua gunia hulipwa na kusahauliwa. Jioni hurudi chumbani, hupika peke yake, husali peke yake, hulala. Siku nyingine hupita asitamke neno lolote la Kirangi, lugha ya mama yake. Basi ndoto hii imemwonyesha kitu gani asichokuwa nacho mchana? Soko ni lile lile, migongo ni ile ile. Na mama aliyepita bila kugeuka ni yule ambaye moyo umemtamani wala haumfikii. Haya ni mazungumzo ya nafsi. Alama yake ni kwamba hurudia-rudia, hufuata shughuli za mchana, na haina habari mpya wala amri. Nafsi inamlilia mwenyewe kuwa ina njaa ya watu. Aliye na njaa hapelekwi kwa mganga, hupewa chakula.

Wala mtu asifungue kitabu cha tafsiri za ndoto na kutafuta humo neno "soko". Inasimuliwa juu ya Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, kwamba watu wawili walimjia, kila mmoja ameota akiadhini. Mmoja alimwambia atahiji, na mwingine kuwa atakatwa mkono kwa wizi, kwa maana alitazama hali ya kila mmoja. Ndoto moja, maana mbili. Mganga aliyetaja mbuzi kabla ya kuuliza hali ya mtu alitazama mfuko.

Ndoto inayohuzunisha ina dawa yake katika Sunna. Mwenye kuamka nayo apulize mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari ya shetani, ageuze ubavu aliolalia, na akiweza ainuke kusali. Tena asiitangaze kwa watu, nayo haitamdhuru. Tazama hekima ya sharti hili la mwisho: kama kijana asingaliitangaza, jirani asingalipata nafasi ya kumtia hofu ya uchawi. Kumweleza huzuni yako mtu wa kukuongoza si kuitangaza ndoto.

Sasa tulijie swali lenyewe: Je, asiyetazamwa sokoni ana thamani gani kwa Mola wake? Jibu lilikwisha kutolewa, tena sokoni.

Hadhrat Anas r.a. anasimulia habari za Zahir, Mwarabu wa jangwani, ambaye hakuwa na sura ya kupendeza. Kila alipokuja Madina alimletea Mtume s.a.w. zawadi za mashambani, naye Mtume humwandalia vitu vya mjini wakati wa kurudi. Siku moja Zahir alikuwa sokoni akiuza bidhaa zake, mgeni katikati ya wenyeji. Mtume s.a.w. alimjia kwa nyuma akamkumbatia, naye hamwoni. Zahir alishtuka akataka aachwe. Alipogeuka na kumtambua, aliuegemeza mgongo wake kifuani pa Mtume asitake kuuondoa. Mtume s.a.w. kwa mzaha akauliza watu ni nani atamnunua mtumwa huyu. Zahir akajibu kuwa yeye ni bidhaa isiyo na bei. Hapo mzaha ukawa fundisho: Mtume alimwambia kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye hakukosa bei, bali ni wa thamani.

Ndugu msomaji, angalia kuwa Zahir hakuambiwa kuwa watu wa soko wanamthamini. Pengine hawakumthamini. Aliambiwa kuwa mizani ya soko siyo mizani ya Mungu. Lakini angalia pia kuwa habari hiyo njema ilimfikia kwa mikono ya mtu iliyomkumbatia. Mwenyezi Mungu anamjua mja wake, na amewawekea waja wengine wajibu wa kumjulisha kuwa anajulikana.

Kwa hiyo nina maneno mawili. Kwa kijana wa Maisaka: mbuzi huyo usimtoe. Toka chumbani, ukasali pamoja na wenzako, angalau Magharibi na Isha, ambazo hazigongani na kazi yako. Usiondoke mara baada ya salamu. Kaa, mwulize aliye kuliani kwako jina lake, umpe na lako. Mpelekee mama yako habari zako kila juma. Na usiku uombe kama alivyoomba Nabii Zakaria a.s., kwamba Mola asikuache peke yako. Na kama huzuni itadumu majuma kadhaa, ikakunyima usingizi na chakula, nenda hospitali pia, kwani Mtume s.a.w. ameamuru tujitibu.

Na kwa sisi tulio wenyeji katika misikiti: aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina alipokosekana, Mtume s.a.w. aliuliza habari zake. Akaambiwa kuwa amefariki na kuzikwa. Masahaba walikuwa wameliona jambo dogo, hawakumwarifu. Hakuridhika. Alitaka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia hapo. Basi Ijumaa hii, kabla hatujavaa viatu, tuhesabu ni nani hakuja, na ni mgeni gani tumemwacha aondoke bila kuulizwa jina.

Mwenyezi Mungu atujaalie tusiwe miongoni mwa migongo ile inayoonekana katika ndoto za ndugu zetu. Amin.