Niwekee

Ukimwambia mtoto "weka sufuria", atauliza wapi. Ukimwambia "weka chumvi", haulizi. Anajua inaingia mchuzini na haitoki tena. "Weka pesa" ni jambo jingine: usiitumie, kesho ipo. Kitenzi ni kilekile. Kinachoamua maana ni kitu kinachowekwa.

Niliamini hivyo mpaka bangili mbili za fedha ziliponishinda.

Jirani yetu wa Kilwa Kivinje alizileta kwa bibi zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alikuwa anasafiri kwenda Lindi kumuuguza dada yake. Alisema neno moja: "Niwekee." Bibi akazitia sandukuni. Wiki chache kabla, jirani huyohuyo alikuwa amekopa kwa bibi shilingi 40,000.

Aliporudi kuzichukua, deni lilikuwa bado. Mjomba akasema zisitoke. "Mama, huyu aliweka rehani. Mtu mwenye deni akikuletea fedha, unadhani kaleta nini?"

Bibi akajibu, "Aliweka amana."

Tofauti si ndogo. Katika sheria ya Kiislamu inayofuatwa pwani yetu, amana hudaiwa wakati wowote na mwenyewe, na mtunzaji hana ruhusa ya kuivaa wala kuizuia. Ikipotea bila uzembe wake, halipi. Rehani ni kinyume: aliyewekewa ana haki ya kuishika mpaka deni lilipwe, na ikibidi iuzwe, anachukua kiasi cha deni lake tu, kinachobaki kinarudi kwa mwenyewe.

Basi bangili hazikuamua chochote. Zilikuwa zilezile katika maana zote mbili. Aliyeweka bangili rehani na aliyeweka bangili amana wanatofautiana kwa jina moja tu linalofuata, na jina hilo jirani hakulitamka.

Nani alijaze? Mjomba alilijaza kwa kutazama deni. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: watu huona haya kutamka rehani. Lakini mkopo ulikuwa umekwisha kutolewa bila dhamana, na siku ile hakuna aliyeutaja. Bibi alitazama safari na nyumba iliyobaki tupu. Zaidi ya hayo, mjomba ndiye angefaidika na maana aliyoichagua.

Hapo ndipo naona swali la kimaadili. Neno likiachwa wazi, aliyeshika kitu ndiye mwenye nguvu ya kulifasiri. Kwa hiyo nadhani asijipe haki ambayo mwenzake hakuitamka. Mwenye kutaka rehani aseme "rehani" mchana kweupe, mwenzake asikie na akubali au akatae.

Bibi alizitoa bangili. Deni alilidai palepale, barazani, kama deni. Lililipwa nusu. Nusu nyingine hatukuipata mpaka leo, na mjomba hukumbusha kila Idi.

Bibi humjibu, "Hiyo aliikopa. Hakuiweka."