Sheria Iliruhusu, Nami Nikaandika Barua



Leo naanza na kosa langu. Miaka michache iliyopita, hapa Mkunya, baba mdogo aliniita kwake jioni. Korosho zilikuwa zimeshapelekwa ghalani na watu walikuwa na hela kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, wewe una mwandiko mzuri. Niandikie barua, tumekubali posa ya dada yako."

Dada yangu huyo alikuwa na miaka 16. Alimaliza darasa la saba, hakuendelea, akawa nyumbani miaka miwili. Nikauliza, mbona mdogo? Baba mdogo akajibu bila hasira: "Sheria inaruhusu. Tena ni afadhali aolewe kuliko anizalie hapa nyumbani."

Niliiandika.

Na kweli sheria ilimruhusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inasema mwanaume aoe akiwa na miaka 18, msichana aolewe akiwa na 15. Akiwa chini ya 18, kifungu cha 17 kinataka ridhaa ya baba. Sasa angalia hapa: angekuwa bado anasoma, mwanaume huyo angekabiliwa na kifungo cha miaka 30, kwa sababu Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 kuwalinda wanafunzi. Binti ni yuleyule, mwili ni uleule. Tofauti ni kwamba jina lake halimo tena kwenye daftari la mahudhurio.

Usiku ule sikulala vizuri. Niligundua nilikuwa nimechanganya maswali matatu. Sheria inauliza: je, serikali itamwadhibu mtu? Hapa jibu lilikuwa hapana. Dhamiri ya mtu inauliza: mimi naona ni sawa? Baba mdogo aliona ni sawa, tena kwa moyo mweupe. Alidhani anamkinga mwanawe na aibu. Ndiyo maana kuna swali la tatu, la maadili: sababu zetu zinasimama tukiziweka mezani, yeye mwenyewe binti akiwepo? Hapo ndipo tulipoanguka. Mimba tuliyoiogopa nyumbani tulikuwa tunampelekea kwa mume, akiwa na miaka ileile 16. Aibu ingetuondokea sisi, hatari ya uzazi ikabaki kwake.

Hata Injili inalijua jambo hili. Katika Marko sura ya 10, Mafarisayo wanamuuliza Yesu kama ni halali mtu kumwacha mkewe. Wanajibu wenyewe kwamba Musa aliruhusu hati ya talaka. Yesu hakatai kwamba ruhusa ipo. Anasema ilitolewa kwa ugumu wa mioyo yao, kisha anawarudisha mwanzo, kwenye kile Mungu alichokusudia. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye alifundisha kwamba sheria za wanadamu hazikatazi kila ovu; hukataza hasa yale mazito yanayoumiza wengine. Kwa hiyo kutokatazwa si kusifiwa.

Tusijidanganye kwamba sheria ya Kanisa inatuokoa hapa. Kanuni ya 1083 inaweka miaka 14 kwa msichana na 16 kwa mvulana, ingawa inayaachia mabaraza ya maaskofu kuweka umri mkubwa zaidi. Kanuni ya 1072 inawataka wachungaji wawazuie vijana wasifunge ndoa kabla ya umri uliozoeleka mahali pao. Sasa kama mahali penyewe pamezoea 16? Unaona, bado lazima tufikiri.

Wapo waliofikiri. Rebeca Gyumi alifungua kesi, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Mwaka mwingine ukapita, kifungu kikabaki kitabuni.

Asubuhi nilirudi kwa baba mdogo. Nikasema, "Shikamoo baba. Barua ile naomba usiitumie." Akanitazama muda mrefu, akasema mimi kijana wa kanisani nimekuwa mwanasheria. Siku ya tatu mwingine akaandika. Kwa hiyo dhamiri yangu ilitulia kidogo, lakini yeye haikumsaidia kitu. Nilikuwa nimeongea na baba peke yake. Binti sikumuuliza wala mama yake sikumfuata. Baadaye aliniambia, "Kaka, waliniuliza mbele ya baba. Ningesemaje?" Sheria inadai ridhaa ya hiari ya binti, na ile "ndiyo" yake ikahesabiwa.

Mdogo wake anafanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu. Nimeshaongea na mama yao kuhusu sare na madaftari ya kidato cha kwanza. Jumamosi naenda kwa baba mdogo, kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, na safari hii binti atakuwepo tukiongea.