Fidia Hainunui Ruhusa

Ng'ombe wakila mahindi ya jirani, je, kulipa fidia kwamaliza deni? Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliangamiza roho 38. Deni la namna hiyo halilipiki kwa magunia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yaruhusu vijiji jirani kupatana juu ya matumizi ya ardhi. Katika mapatano mema, wazee wa pande zote mbili huitembea njia ya kwendea mtoni, wakaitia alama na kutaja majira. Mazao yakiwapo, mifugo haitoki njiani. Baada ya mavuno, hula mabua kwa idhini ya mwenye shamba. Mazao yakiliwa, bwana shamba huipima hasara upesi, wote wawili wakishuhudia, kwani nyayo za kwato hufutika.

Aliyelima juu ya njia hana haki ya kudai, maana ndiye aliyevunja ahadi kwanza. Naye mfugaji alishaye kwa kusudi, akinuia kulipa baadaye, ni mkosaji vilevile. Fidia hutengeneza ajali, hainunui ruhusa.