Gari la Siku Nyingi, Si la Siku Kubwa

Wanangu mnaofungua maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Makambako, nawaona mkizunguka kwenye yadi za magari na fedha za mkopo mkononi, nami nina la kuwaambia kabla hamjalipa. Wengi mnanunua gari kwa kumfikiria yule mteja mmoja anayejenga ghorofa. Wengine mnanunua dogo kwa sababu mmesikia halili mafuta, kisha mnalipakia mpaka linainua pua. Makosa hayo mawili yanafanana: hakuna aliyefungua daftari la mauzo kwanza.

Chukueni daftari hilo mkae nalo jioni moja. Kwa kila oda ya miezi michache iliyopita andikeni mzigo ulikuwa kilo ngapi na ulikwenda umbali gani. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo hesabu yake haina shida. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na ushee. Mkimaliza mtaona oda zimejikusanya katika mafungu, na fungu lenye oda nyingi kuliko yote ndilo litakalowaambia gari la kununua.

Sasa tuyatazame magari yenyewe. Kwa mji kama wetu machaguo huwa matatu. Kuna Kirikuu, yaani Suzuki Carry ya sisi 660. Kuna Toyota Townace ya kubebea mizigo, ya sisi 1,500. Na kuna Mitsubishi Canter ya tani mbili. Magari haya mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na sheria ya kule hulitaka gari la mizigo libandikwe nyuma uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Kwenye Kirikuu mtakuta 350. Kwenye Townace nyingi ni 750 au 800. Watu hukibandua kibandiko hicho wakidhani ni pambo. Kama hakipo, shikeni kadi ya gari: toeni uzito wa gari tupu kwenye uzito wa jumla, kisha mpunguze uzito wa dereva na utingo. Kinachobaki ndicho cha mzigo.

Kwa saruji, basi, Kirikuu ni mifuko 7, Townace ni 15, Canter ni 40. Najua mtaniambia mmeona Kirikuu ikibeba 15. Nami nimeiona. Nitairudia habari hiyo.

Upande wa mafuta, msichukue maneno ya dalali. Jazeni tenki hadi juu, andikeni kilomita, fanyeni kazi ya kawaida kwa siku kadhaa mkienda na mzigo na kurudi tupu, kisha mjaze tena kwenye pampu ileile. Gawanyeni kilomita kwa lita zilizoingia. Kwa barabara zetu za vumbi na vilima, gari likiwa zima, mnaweza kuanza na makadirio haya: Kirikuu kilomita 12 kwa lita moja ya petroli, Townace 10, Canter 6 kwa lita ya dizeli. Gari lenu litatofautiana kidogo, lakini hesabu inakwenda njia ileile.

Mtu akizisikia namba hizo anakimbilia Kirikuu. Hapo ndipo anapopotea, kwa sababu mteja hakulipi kwa kilomita, anakulipa kwa mfuko uliofika kwake. Tuseme mteja yuko kilomita 10 kutoka dukani, kwenda na kurudi ni 20. Kirikuu itatumia lita 1.7 kupeleka mifuko 7, Townace lita 2 kupeleka 15, Canter lita 3.3 kupeleka 40. Zikienda zimejaa sawasawa, Canter ndiyo yenye mafuta madogo kuliko zote kwa kila mfuko. Lakini ikiitwa kupeleka mifuko 7, inakula mafuta mara mbili ya Kirikuu kwa kazi ileile. Gari kubwa linalokwenda nusu tupu na gari dogo linalorudia safari yanakufilisi kwa namna moja.

Mpwa wangu ana duka karibu na njia ya kwenda Njombe, na tuliipiga hesabu yake pamoja. Katika kila oda kumi, mbili zilikuwa ndogo, kama mifuko 5. Sita zilikuwa za mifuko 12 hivi, za wale wanaojenga kidogokidogo kila wakipata fedha. Mbili zilikuwa za mifuko 40. Tuliweka umbali wa kilomita 20 kwa safari nzima. Kirikuu ingehitaji safari 26 kumaliza oda hizo kumi, maana kila oda ya mifuko 12 inairudisha dukani mara ya pili, na ile ya 40 inataka safari sita. Hizo ni lita 43. Canter ingemaliza kwa safari 10, lita 33. Townace ingekwenda safari 14, lita 28.

Kisha tukafanya hesabu ya nne, ambayo wengi wenu hamuifanyi. Tuliziondoa zile oda mbili kubwa tukazipa Canter ya kukodi. Townace ikabaki na safari 8, lita 16, na Canter ya watu ikaenda mara mbili. Mteja wa mifuko 40 hulipia usafiri bila ubishi, kwa sababu yeye mwenyewe anajua ni mzigo wa Canter. Mpwa wangu alinunua Townace.

Lakini msiichukue hesabu ya duka lake mkaipeleka kwenye duka lenu. Kama oda za mifuko 40 zingekuwa nne badala ya mbili, na zile za 12 zikawa nne, Townace ingehitaji safari 18, lita 36, na Canter ingebaki palepale kwenye 33. Vivyo hivyo, kama wateja wako wako upande mmoja na wanakubali kusubiri mpaka kesho, Canter inaweza kuunganisha oda tatu za mifuko 12 katika safari moja, na hapo hakuna gari litakaloifikia. Katika mji wetu wateja wametawanyika pande zote za njia panda, na fundi akiishiwa saruji saa nne asubuhi hasubiri kesho, ananunua kwa jirani yako. Kumbukeni pia kuwa petroli na dizeli hazina bei moja. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Zidisheni lita kwa bei ya mwezi huo kabla ya kuamua.

Sasa nirudi kwenye Kirikuu ya mifuko 15. Hiyo ni kilo 750, zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Tazameni ubavu wa tairi zake. Nyingi zimeandikwa 80 mbele ya herufi, na namba hiyo maana yake tairi moja linabeba kilo 450 na si zaidi. Mawili ya nyuma ni kilo 900. Gari lenyewe likiwa tupu tayari limeyalalia kwa kilo 300 hivi, kwa hiyo mifuko 15 imeyapita hata matairi, sembuse breki.

Mtawakuta mafundi wanaosema dawa yake ni kuongeza springi. Wanangu, hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimezika watu. Ukiongeza jani la springi, gari linasimama sawa na macho yanaridhika. Lakini ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, chesisi ni ileile, na breki ni zile zilizotengenezwa kusimamisha kilo 350 juu ya gari. Umeondoa dalili tu, ugonjwa umeuacha. Gari lililozidiwa huwa linajisema: pua inapanda, usukani unakuwa mwepesi, taa usiku zinamulika miti badala ya barabara. Ukiliinua kwa springi hutaliona tena likikuonya, na siku breki zitakapopata moto kwenye mteremko hutakuwa na habari.

Magari haya madogo hayana wa kuyapima. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inayahusu magari yenye uzito wa jumla wa kuanzia kilo 3,500. Canter itapita mizani na ikizidi utalipa. Kirikuu na Townace hazifiki huko, kwa hiyo mpimaji ni wewe peke yako.

Mchanga ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu hauna mfuko wa kuhesabu. Bodi ya Kirikuu ina urefu wa mita 1.9, upana wa mita 1.4 na kina cha sentimita 29 hivi. Mchanga mkavu una uzito wa kama kilo 1,600 kwa mita moja ya ujazo, na ukilowa unazidi. Ukiijaza bodi hiyo sawasawa na kingo zake, umepakia zaidi ya kilo 1,200. Mzigo wake halali wa mchanga ni kimo cha sentimita 8 tu. Piga mstari wa rangi ndani ya bodi kwenye kimo hicho, na utingo asipakie kupita hapo. Kwa sababu hiyo nasema anayetaka kuuza mchanga aachane kabisa na magari haya mawili madogo.

Jambo la mwisho ni la huku kwetu nyanda za juu. Makambako ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Injini ya sisi 660 inayotosha Dar es Salaam ikija huku imepungukiwa kabla hujaipakia kitu. Dereva anapanda kilima kwa gia ya kwanza akikanyaga mafuta hadi chini, na zile kilomita 12 kwa lita zinashuka. Kwa hiyo msinunue gari lililojaribiwa kwenye tambarare ya yadi. Mwambieni muuzaji mnataka kulipakia uzito ulioandikwa nyuma yake na kupanda nalo kilima mnachokijua. Halafu lisimamisheni katikati ya mlima na mlianzishe tena. Klachi ikinuka, au likikataa kuondoka, mrudishieni ufunguo wake. Akikataa jaribio lenyewe, msiendelee kuzungumza naye bei.